Mifuko 143 ya saruji: akiba ya tahadhari inatoka wapi, na kwa nini lori huipandisha kuliko wateja

Chukulia duka la vifaa vya ujenzi Morogoro mjini. Linauza saruji ya mfuko wa kilo 50, wastani wa mifuko 40 kwa siku. Mzigo unaagizwa kwa wakala aliyeko Dar es Salaam, na huchukua wastani wa siku tano tangu simu ipigwe mpaka vibarua waanze kushusha. Mwenye duka apige simu mifuko ikibaki mingapi stoo?

Wengi watajibu 200, yaani 40 mara tano. Ukiagiza ikiwa imebaki 200, mfuko wa mwisho unatoka mlangoni huku lori linapiga honi nje. Hesabu hiyo imenyooka, ila imesimama juu ya wastani mbili, na wastani maana yake ni kwamba kuna mara unazidi na kuna mara unapungua. Baadhi ya wiki wateja watachukua zaidi ya 40 kwa siku. Baadhi ya mizigo itakawia kuliko siku tano. Ukichanganya yote, takriban nusu ya maagizo yako mzigo utakuta stoo ni tupu, pengine tangu saa mbili zilizopita, pengine tangu juzi. Na fundi aliyekosa saruji haondoki bila saruji tu. Anaondoka na orodha yake nzima ya nondo, misumari na binding waya, akanunue kwa jirani.

Mifuko unayoongeza juu ya ile 200 ili kufunika hizo mara za kuzidi ndiyo akiba ya tahadhari. Ukiwa na akiba ya mifuko 100, unaagiza ikibaki 300. Haihitaji stoo ya pembeni wala alama ya rangi. Imechanganyika na mifuko mingine, na inazunguka nayo, ya zamani ikitoka kwanza, kwa sababu saruji iliyokaa miezi mitatu stoo yenye unyevu huanza kuganda.

Ugumu ni kujua iwe mingapi. Wafanyabiashara wengi huweka kwa mazoea: “mzigo wa wiki moja usikosekane.” Mazoea hayo hayana ubaya, ila hayakuambii kwa nini wiki moja na si siku tatu, wala hayakuambii lini upunguze. Ukubwa wa akiba hautokani na wingi wa mauzo yako peke yake. Unatokana hasa na kuyumba, kwa mauzo na kwa lori.

Tazama maduka mawili. La kwanza liliuza hivi kwa siku tano: 38, 41, 40, 42, 39. La pili: 20, 65, 15, 75, 25. Kila duka limeuza mifuko 200, na wastani wa kila moja ni 40. Aliyeshika wastani peke yake ataona maduka haya ni pacha. Lakini la kwanza linahitaji akiba ndogo mno, kwa sababu siku yake mbaya kabisa ilizidi wastani kwa mifuko miwili. La pili siku yake kubwa ilizidi kwa 35. Hao ni wateja wa aina mbili: kule wananunua watu wa kujenga choo na kupiga plasta, huku kuna fundi anayekuja na canter na kubeba mifuko 50 kwa mpigo.

Kuyumba huku kunapimika. Chukua kila siku, tazama imeachana na wastani kwa mifuko mingapi, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa idadi ya siku ukitoa moja, kisha tafuta kipeo cha pili. Wataalamu wa takwimu hukiita mkengeuko sanifu. Duka la kwanza linapata 1.6, la pili linapata karibu 28. Huna haja ya kufanya hivyo kwa mkono. Ukiwa na mauzo ya siku 60 kwenye Excel, andika:

```
=AVERAGE(B2:B61)
=STDEV.S(B2:B61)
```

Duka letu la Morogoro tuseme limepata wastani 40 na mkengeuko 15. Ni duka la kawaida: siku nyingi huuza kati ya 25 na 55.

Kabla hujaiamini namba hiyo, kagua daftari kwa mambo mawili. La kwanza ni siku ambazo saruji ilikuwa imekata. Zimeandikwa sifuri, lakini sifuri ile haina maana kwamba hakuna aliyetaka saruji, ina maana hukuwa nayo. Ukiziacha, zinashusha wastani na kuchafua mkengeuko kwa wakati mmoja, na unajikuta unapanga stoki ya kesho kwa upungufu wa jana. Zitoe kabisa. La pili ni yule mkandarasi aliyechukua mifuko 300 siku moja kwa ajili ya msingi wa shule. Huyo naye mtoe, kwa sababu alikupigia simu wiki moja kabla, na mzigo wake unaagizwa kwa jina lake. Akiba ya tahadhari ni ya mambo usiyoyajua. Unalolijua, liagizie.

Sasa upande wa lori. Wafanyabiashara wengi wanajua mauzo yao kwa kichwa, lakini ukiwauliza mzigo huchukua siku ngapi watakujibu “siku tano”, kana kwamba lori lina ratiba ya treni. Hapa ndipo daftari linapokosa safu muhimu: tarehe ya kuagiza na tarehe ya kushusha. Na kuagiza kuhesabiwe tangu simu ilipopigwa. Siku ya kusubiri malipo yaonekane benki, siku ya foleni ya kupakia na siku ya dereva kusema “bosi, gari limeshatoka” ilhali bado lipo Dar, zote wateja wako wanaendelea kununua.

Mizigo kumi ya mwisho ya duka letu ilichukua siku 3, 5, 4, 5, 8, 3, 4, 9, 5 na 4. Jumla 50, wastani tano, kama mwenye duka alivyosema. Ila humo ndani kuna 8 na 9. Mkengeuko wake ni siku 2.

Siku mbili zinaonekana ndogo. Mkengeuko wa mauzo ni 15, wa lori ni 2. Nani asingedhani kwamba tatizo ni wateja?

Angalia kinachotokea katika zile siku tano za kusubiri. Mauzo yanapanda na kushuka kila siku kivyake. Jumatatu ikizidi kwa mifuko 20, Jumanne huenda ikapungua kwa 12, na Jumatano ikaangukia palepale kwenye 40. Siku nzuri na siku mbovu zinafidiana, si zote lakini kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kuyumba kwa siku tano si 15 mara tano, yaani 75. Ni 15 mara kipeo cha pili cha tano, ambayo ni kama mifuko 34. Kadiri siku za kusubiri zinavyoongezeka, kuyumba kwa jumla kunaongezeka, lakini kwa mwendo wa pole.

Kuchelewa hakuna wa kukufidia. Lori likikawia siku moja, wateja wa siku hiyo wanakuja wote, na mifuko 40 mizima inatoka. Likikawia mbili, 80. Hakuna siku ya kesho itakayorudisha chochote, kwa sababu mauzo ya kila siku ya kusubiri yanajumlika juu ya yaliyotangulia. Hivyo mkengeuko wa siku 2 kwa lori, ukigeuzwa kuwa mifuko, ni 2 mara 40, yaani 80. Linganisha sasa: wateja wanakuyumbisha kwa mifuko 34, lori linakuyumbisha kwa 80.

Vyanzo hivi viwili havijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu si kila mara wateja wanapofurika ndipo na lori linakwama. Kila kimoja huzidishwa kwa chenyewe, vinajumlishwa, ndipo unatafuta kipeo cha pili. Mifuko 34 na 80 inakupa karibu 87.

Kilichobaki ni kuamua unataka ulinzi wa kiasi gani, na hilo ni uamuzi wa mwenye duka. Hesabu haimwamulii. Ukitaka mzigo ukukute bado una saruji katika mara 19 kati ya 20, unazidisha 87 kwa 1.65. Mara 9 kati ya 10, zidisha kwa 1.28. Mara 99 kati ya 100, kwa 2.33. Namba hizi zinatokana na umbo la kengele ambalo takwimu nyingi hulifuata, yaani namba nyingi hukusanyika karibu na wastani na chache hutawanyika mbali pande zote mbili, na Excel inazitoa kwa `=NORM.S.INV(0.95)`. Kwa duka letu na ulinzi wa 19 kati ya 20:

```
=1.65*SQRT(5*15^2+40^2*2^2)
```

Jibu ni 143. Kwa hiyo simu inapigwa ikibaki mifuko 343, ukihesabu iliyoko stoo pamoja na iliyokwisha kuagizwa lakini haijafika. Wakati wa kuweka ulinzi, usidanganyike na asilimia: 95 hapa haina maana kwamba wateja 95 kati ya 100 watapata saruji. Ina maana katika kila maagizo 20, moja stoo itakauka kabla lori halijafika. Na bei ya kuondoa hiyo moja ni kubwa. Kutoka mara 9 kati ya 10 kwenda 19 kati ya 20, akiba inapanda kutoka 111 hadi 143. Kwenda 99 kati ya 100, inafika 202. Kila hatua ya ziada inakula mtaji zaidi ya iliyopita, na ulinzi wa asilimia 100 haupo kwenye fomula hii hata kidogo.

Sasa cheza na namba, maana hapo ndipo faida ya fomula ilipo. Tuseme umefanikiwa kutuliza mauzo: umewashawishi mafundi wakubwa watoe oda mapema, na mkengeuko wa wateja umeshuka kwa nusu, kutoka 15 hadi 7.5. Si kazi ndogo hiyo. Akiba inashuka kutoka 143 hadi 135. Mifuko minane! Sasa acha wateja walivyo, na badala yake punguza kuyumba kwa lori kwa nusu, kutoka siku 2 hadi 1, bila kulifanya liwe la haraka zaidi, wastani ubaki siku tano zilezile. Akiba inashuka hadi 86. Umeokoa mifuko 57, na tukikadiria mfuko kwa shilingi 17,000, ni shilingi 969,000 zilizokuwa zimelala stoo na sasa unaweza kununulia nondo.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalopuuzwa zaidi na watu wanaojadiliana na mawakala. Wanabana bei, wanabana muda, hawabani uthabiti. Chukua wakala wa pili ambaye yuko mbali, tuseme Tanga, na mzigo wake unachukua siku tisa. Ukisikia tisa unakata simu. Lakini huyu akisema tisa ni tisa, mkengeuko wake ni nusu siku tu. Weka namba zake: akiba ya tahadhari inakuwa 81, chini sana ya ile 143 ya wakala wa siku tano. Utaagiza mapema zaidi, mifuko ikiwa 441, na hilo ni kweli linakutaka upange mbele. Ila tofauti hiyo inatokana na mauzo ya siku nne za ziada zinazosubiriwa. Mifuko inayolala stoo kwa ajili ya hofu imepungua.

Usilichukue hili kuwa sheria ya kila bidhaa. Lori linashinda hapa kwa sababu saruji inatoka kwa wingi, na kila siku ya kuchelewa inabeba mifuko 40. Bidhaa inayotoka kwa kusuasua, kama koki ya aina adimu inayouzwa wastani wa moja kwa siku, leo hamna, kesho hamna, keshokutwa fundi mmoja anachukua tano, hali hugeuka. Siku mbili za kuchelewa kwake ni koki mbili tu, wakati fundi mmoja anaweza kukumaliza kwa dakika tano. Huko ni wateja wanaotawala, na kumsumbua wakala hakutakusaidia sana. Bidhaa za namna hiyo zina ubishi mwingine pia: mauzo yake hayafuati umbo la kengele, na ile 1.65 inakuwa makisio ya juu juu.

Hata kwenye saruji, umbo hilo linakubali kwa shingo upande. Rudi kwenye mizigo kumi. Lori liliwahi kwa siku mbili tu kabla ya wastani, lakini lilichelewa kwa siku tatu na nne. Ndivyo kuchelewa kulivyo: kuna mpaka wa kuwahi, maana lori haliwezi kufika kabla halijapakiwa, lakini kukawia hakuna ukuta. Sasa pima akiba yetu kwa daftari lenyewe. Simu ilipigwa kwenye 343. Mzigo wa siku nane, kwa mauzo ya kawaida, ungekula 320, na tungepona. Mzigo wa siku tisa ungekula 360, na tungekosa mifuko 17. Fomula iliahidi mara moja kati ya 20, daftari linaonyesha mara moja kati ya kumi. Mizigo kumi ni michache kutoa hukumu, lakini inatosha kukutia shaka, na mwenye duka anayeongeza mifuko 20 juu ya 143 kwa sababu ya mzigo ule wa siku tisa hajakosea.

Kuna njia nyingine ya mkato inayofundishwa sana: chukua mauzo ya siku kubwa kuliko zote, zidisha kwa mzigo uliokawia kuliko yote, toa mauzo ya wastani mara siku za wastani. Kama siku kubwa ya duka letu ilikuwa mifuko 75, ni 75 mara 9, toa 200, unapata akiba ya 475. Ni rahisi kukumbuka, na kwa asiye na kompyuta ni afadhali kuliko kubahatisha. Lakini inadhani kwamba siku kubwa kuliko zote itajirudia mara tisa mfululizo, katika mzigo uleule uliochelewa kuliko yote. Kwa saruji inayoganda, tofauti ya 475 na 143 utaiona chini ya rundo, kwenye mifuko iliyogeuka mawe.

Kuna kuchelewa ambako akiba hii haikutengenezewa. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez na kuziba njia kwa siku sita. Hakuna duka la vigae linalopaswa kuweka stoki ya kudumu kwa ajili ya tukio kama lile. Lakini tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ziliongezeka kwa wiki moja hadi mbili. Hilo mwanzoni ni mshtuko, lakini baada ya miezi kadhaa linakuwa ndio muda wa kawaida. Ukiendelea kulihesabu kama kuchelewa, mkengeuko wako unavimba na akiba inavimba nao bila sababu. Unachotakiwa ni kubadilisha wastani wa siku za kusubiri, kisha upime kuyumba kuzunguka wastani huo mpya. Masika ni vivyo hivyo kwa lori la Morogoro: Machi hadi Mei iwe na namba zake, usiichanganye na Agosti.

Angalia pia namna unavyokagua. Fomula ilidhani unahesabu mifuko kila siku na unapiga simu siku ileile inapofika 343. Kama unakagua stoo kila Jumapili tu, mifuko inaweza kufika 340 Jumatatu na usijue mpaka siku sita baadaye. Kwa hiyo zile siku tano za kusubiri zinakuwa kumi na mbili katika sehemu ya wateja, na akiba inapanda hadi 157, huku kiwango cha kuagizia kikiruka zaidi ya 600. Kalamu na karatasi ukutani, anayeuza akiandika kila jioni, ni rahisi kuliko mifuko hiyo ya ziada.

Namna ya kujua kama namba yako iko sawa ni moja, nayo haihitaji kompyuta. Kila lori linapofika, kabla halijashushwa, hesabu mifuko iliyobaki na uandike. Baada ya mizigo kumi na tano au ishirini, wastani wa masalio hayo unapaswa kukaribia akiba yako, yaani 143 au hapo karibu. Mara nyingine utakuta 230, mara nyingine 60, mara moja moja sifuri. Takriban nusu ya mara utakuta pungufu ya 143, na hapo wengi hushtuka, wanadhani wamevunja akiba, wanaongeza. Hawajavunja chochote, mifuko ile iliwekwa ili iuzwe lori likichelewa. La kushtua ni daftari lenye masalio ambayo hayajawahi kushuka chini ya mia moja kwa mwaka mzima. Hapo una mtaji uliolala, na huenda wakala wako amekuwa mtu wa kuaminika siku nyingi bila wewe kupunguza chochote.